Kukagua mkoba wa uwekezaji kila robo mwaka bila kukurupushwa na vichwa vya habari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya yanamlenga mwekezaji wa kawaida wa Kenya: ana pesa kidogo kwenye mfuko wa soko la fedha, hatifungani za serikali kupitia DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu wa kununulia dhamana, hisa chache za Soko la Hisa la Nairobi na pengine dola kidogo. Mifano yote ni ya shilingi za Kenya. Wasomaji wa Tanzania wana swali lao karibu na mwisho.

Kwa nini kila baada ya miezi mitatu? Kwa nini isiwe kila wiki, au mara moja kwa mwaka?

Kwa sababu vitu vinavyoamua hali ya mkoba wako havibadiliki kwa wiki. Hatifungani hulipa kuponi, yaani riba yake, mara mbili kwa mwaka. Benki zilizoorodheshwa sokoni hutangaza hesabu kila robo, na kampuni nyingi zilizobaki hutangaza kila nusu mwaka. Ukitazama kila wiki, kitu pekee kitakachokuwa kimebadilika ni bei, na bei bila hesabu haikuambii kama kampuni imeharibika au watu wameogopa tu.

Mara moja kwa mwaka nako ni mbali. Kuponi inaweza kukaa miezi minane kwenye akaunti ya benki isiyolipa chochote, au hisa moja ikapanda hadi ikawa theluthi ya mali yako bila wewe kujua.

Ninalinganisha mkoba wangu na nini?

Na karatasi uliyoandika mwenyewe wakati hakuna kelele. Bila karatasi hiyo, utajikuta unalinganisha na habari za jana, na hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Karatasi haihitaji kuzidi ukurasa mmoja. Ina mambo matatu.

La kwanza ni mgawanyo: kila aina ya mali ichukue asilimia ngapi, na iruhusiwe kupanda au kushuka hadi wapi kabla hujaigusa. Kwa mfano, hisa 25%, ukomo wa chini 20%, ukomo wa juu 30%. Nafasi hiyo kati ya ukomo mmoja na mwingine ndiyo inayokuzuia kuhangaika. Ikiwa finyu mno, tuseme 24% hadi 26%, utakuwa unauza na kununua kila robo na faida itaishia kwa dalali.

La pili ni sababu ya kushika kila kitu, kwa sentensi moja inayoweza kuthibitishwa au kukanushwa. "Nina hisa za benki hii kwa sababu inalipa gawio kila mwaka na mikopo yake mibaya haiongezeki" ni sababu. "Ni kampuni nzuri" si sababu, maana hakuna hesabu itakayokuambia kwamba imekoma kuwa kweli.

La tatu ni tarehe za matumizi: karo ya Januari, kiwanja cha mwaka kesho kutwa, uzazi. Pesa inayohitajika ndani ya miezi 12 haifai kuwa kwenye hisa, habari ziwe njema au mbaya.

Nikague tarehe ngapi?

Katikati ya Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Kufikia hapo taarifa ya mfuko wako ya mwisho wa mwezi imeshafika, na Shirika la Takwimu limeshatoa mfumuko wa bei, ambao hutangazwa mwisho wa kila mwezi. Hesabu za benki huchelewa kidogo: za robo ya kwanza hutoka kufikia mwisho wa Mei, kwa hiyo utazisoma kwenye ukaguzi wa Julai. Hilo halina ubaya.

Chagua tarehe na uishike hata soko likiwa limechafuka siku hiyo. Usiisogeze mbele kwa sababu umeona habari mbaya, wala usiisogeze nyuma ukingoja mambo yatulie. Ukiisogeza, habari ndizo zimekupangia ratiba.

Nikikaa mezani naanzia wapi?

Anza na nambari kabla hujafungua gazeti au simu. Andika salio la kila kitu kama lilivyokuwa siku ya mwisho ya robo, yote kwa tarehe moja. Ukichukua hisa kwa bei ya leo na mfuko kwa taarifa ya wiki mbili zilizopita, asilimia zako zitakuwa za uongo kidogo, na uongo kidogo unatosha kukuonyesha kwamba umevuka ukomo wakati hujavuka.

Halafu tafuta pesa zilizoingia: kuponi, gawio na riba. Hakikisha zimefika kweli. Kuponi ikikosekana, mara nyingi tatizo ni nambari ya akaunti ya benki iliyobadilishwa au kuandikwa vibaya. Gawio lisilofika husababishwa na hilohilo, au anwani ya zamani kwa msajili wa hisa. Gawio lisilodaiwa kwa miaka mingi huishia kwenye mamlaka ya serikali inayoshika mali zisizodaiwa, na kulirudisha kuna makaratasi yake.

Baada ya hapo ndipo unapiga asilimia na kuzitazama dhidi ya ukomo. Mwisho kabisa ndipo unasoma habari ulizoziandika katika robo nzima. Mpangilio huu una maana: ukisoma habari kwanza, utazitazama nambari ukitafuta ushahidi wa hofu uliyokwisha kuipata.

Mnaweza kuonyesha mfano wa robo iliyokuwa na habari nzito?

Januari hadi Machi 2024 inafaa kuliko nyingi. Kenya ilikuwa na hatifungani ya dola bilioni 2 iliyokopwa mwaka 2014 na kuiva Juni 2024. Miezi mingi kabla ya hapo magazeti yaliuliza kama serikali italipa. Shilingi ilikuwa inadidimia, na mwishoni mwa Januari dola moja iliuzwa kwa takriban shilingi 160. Mtaani ilisemekana itafika 200.

Chukua mwekezaji wa mfano aliyeanza mwaka na milioni moja kamili. Mfuko wa soko la fedha ulikuwa 250,000, hatifungani 400,000, hisa 250,000 na dola zenye thamani ya 100,000. Ukomo wake aliuandika hivi: mfuko 20% hadi 30%, hatifungani 35% hadi 45%, hisa 20% hadi 30%, dola 7% hadi 13%.

Februari mambo yaligeuka. Serikali ilikopa dola bilioni 1.5 kwa hatifungani mpya na kutumia sehemu kubwa ya pesa hizo kununua ile ya zamani kabla haijaiva. Mwezi huohuo iliuza hapa nyumbani hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa riba ya 18.46% isiyotozwa kodi, na wageni wakaleta dola ili wainunue. Mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 132, na soko la hisa lilikuwa limepanda.

Sasa tufanye ukaguzi wa mwekezaji wetu. Tuseme mfuko ulimpa takriban 3% baada ya kodi, na kuponi ya nusu mwaka ya 26,000 iliingia ikakatwa kodi ya 10%, zikabaki 23,400 alizozipeleka kwenye mfuko. Hisa zake tuseme zilipanda kwa 20%. Dola zake, 637 hivi kwa bei ya 157 mwanzoni mwa mwaka, sasa ni 84,000.

| Mali | Salio 31 Machi | Asilimia | Ukomo |
|---|---|---|---|
| Mfuko wa soko la fedha | 280,900 | 26.4% | 20–30% |
| Hatifungani | 400,000 | 37.6% | 35–45% |
| Hisa | 300,000 | 28.2% | 20–30% |
| Dola | 84,000 | 7.9% | 7–13% |
| Jumla | 1,064,900 | 100% | |

Hakuna hata moja iliyovuka. Katika robo ambayo magazeti yalizungumzia nchi kushindwa kulipa madeni na baadaye shilingi kufufuka, kazi yake ilikuwa kuandika tarehe, kuandika "hakuna hatua" na kufunga daftari. Robo nyingi huisha hivyo, na anayeona ukaguzi wa aina hiyo ni kazi bure hajaelewa ulikuwa wa nini.

Na yule aliyekimbilia dola mwezi Januari?

Tuseme alitoa 200,000 kwenye mfuko akanunua dola benki kwa 163, maana benki huuza juu ya kiwango cha Benki Kuu. Alipata dola 1,227. Mwisho wa Machi, benki ikizinunua kwa 130, ni shilingi 159,500. Amepoteza 40,500, yaani moja ya tano, na bado hatujahesabu riba aliyoiacha kwenye mfuko.

Kosa lake halikuwa kumiliki dola. Mwekezaji wa kwenye jedwali alikuwa nazo pia na zikashuka vilevile, lakini zilikuwa sehemu ya kumi tu ya mali yake, na kupanda kwa hisa kukafidia. Sehemu ya dola inafaa itokane na matumizi yako ya dola: karo ya mtoto aliye nje, bidhaa unazoagiza, matibabu India. Asiye na matumizi hayo anahitaji chache au hahitaji kabisa, hata gazeti liseme nini.

Angalia pia kilichotokea miezi michache baadaye. Julai 2024, baada ya mswada wa fedha kuondolewa kufuatia maandamano yaliyogharimu maisha ya watu, shirika la Moody's lilishusha daraja la mikopo la Kenya hadi Caa1. Kwa mtu wa habari, hilo lilitosha kutangaza kwamba shilingi imekwisha. Shilingi ilibaki karibu 129 kwa dola, na riba za dhamana za serikali zikaanza kushuka kabla mwaka haujaisha. Shirika la kupima mikopo linatazama uwezo wa serikali kulipa kwa miaka; bei ya dola ya mwezi ujao hutegemea ni nani analeta dola na nani anazitafuta.

Hatifungani nizihesabu kwa bei gani?

Swali hili huwachanganya wengi, na jibu lake hubadilisha asilimia zote. Salio unaloliona DhowCSD ni kiasi kilichoandikwa kwenye hatifungani, yaani pesa utakayorudishiwa ikiiva. Ukitaka kuuza leo, bei ni nyingine.

Chukua hatifungani yenye kuponi ya 13% iliyobakiza miaka 10. Wanunuzi wakidai 17%, bei yake itakuwa karibu 81 kwa kila 100. Hakuna aliyeiba 19 zako. Mnunuzi anapunguza bei ili kuponi ndogo uliyonayo imlipe sawa na hatifungani mpya. Ukiishika hadi iive utapata 100 yako kamili, na kuponi zako hazikupungua hata senti.

Ushauri wetu ni huu: hatifungani unazokusudia kushika hadi mwisho, na ambazo ziko ndani ya tarehe zako za matumizi, zihesabu kwa kiasi kilichoandikwa. Zile unazoweza kulazimika kuuza kabla, zihesabu kwa bei ya soko, ambayo dalali anaweza kukupa. Ukishachagua, usibadilishe. Anayehesabu kwa bei ya soko riba zikishuka, kwa sababu anaonekana tajiri, kisha akarudi kwenye kiasi kilichoandikwa riba zikipanda, anajidanganya kwa hesabu.

Habari kubwa ikitoka katikati ya robo, nifanye nini siku hiyo?

Iandike. Kwenye daftari au faili la simu weka tarehe, kichwa cha habari kwa maneno yako, mali yako inayoguswa, na kitu kimoja cha nne ambacho watu hukiruka: nambari gani itabadilika kama habari hii ni kweli, na nitaiona wapi.

Mfano wa mstari mmoja: "Mei 12. Wasema benki zina mikopo mibaya mingi. Inagusa: hisa zangu za benki. Nitaiona: uwiano wa mikopo mibaya kwenye hesabu za robo, mwisho wa Mei. Mwaka jana ulikuwa 12%." Basi, funga. Ukaguzi ukifika, fungua hesabu utazame kama ni 12% au imekuwa 17%. Habari nyingi zitakuwa zimeshapoteza nguvu. Ambayo haijapoteza utaijua kwa nambari wala si kwa ukubwa wa herufi za gazeti.

Habari ambayo huwezi kuiandikia hiyo nambari ("wawekezaji wana wasiwasi", "soko latikisika") haina cha kukaguliwa. Iandike ukitaka kutua moyo, lakini haiwezi kuwa sababu ya kuuza.

Tena, jihadhari na siku yenyewe ya mshtuko. Tarehe 13 Machi 2020, Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, biashara kwenye soko la Nairobi ilisimamishwa baada ya faharisi ya kampuni 20 kushuka kwa zaidi ya 5%. Siku kama hiyo wanunuzi ni wachache, na agizo la kuuza kwa bei yoyote hupata bei mbaya kuliko unayoiona kwenye skrini.

Je, kuna habari zisizopaswa kungoja robo iishe?

Zipo, na hapa ndipo wanaohubiri "puuza habari" hukosea. Kanuni za masoko ya mitaji ya Kenya zinailazimu kampuni iliyoorodheshwa kutoa onyo inapoona faida ya mwaka itapungua kwa 25% au zaidi. Onyo hilo linatoka kwa kampuni yenyewe. Lisome siku hiyohiyo, hasa sababu iliyotolewa: je, ni gharama ya mara moja, au biashara yenyewe inapungua?

Nyingine za kusoma papo hapo ni mkaguzi wa hesabu kujiuzulu au kukataa kutoa maoni, hesabu kuchelewa kupita muda unaoruhusiwa, hisa kusimamishwa, na benki au meneja wa mfuko kuwekwa chini ya urasimu, yaani kukabidhiwa msimamizi kwa sababu ya madeni. Kama umepoteza kazi au umepata mgonjwa nyumbani, hilo pia halingoji, maana tarehe zako za matumizi zimebadilika.

Kampuni ya Sukari ya Mumias inafundisha upande huu. Ilipata hasara mwaka wa hesabu ulioishia Juni 2013, tena uliofuata, na tena baada yake, hadi ikawekwa chini ya urasimu mwaka 2019. Haikuanguka kwa usiku mmoja. Mwenye hisa aliyekuwa ameandika "naishika kwa sababu inalipa gawio" angeona sababu yake imekufa mapema sana, akiwa bado anaweza kuuza. Walioumia zaidi ni walioshika bei ya zamani kichwani wakingoja irudi.

Kwa hiyo, hata habari ya aina hii ikitoka, kusoma ni leo, kuamua ni baada ya kulala nayo usiku mmoja au miwili. Anayeuza kwa kuwa sababu aliyoiandika imekufa hahitaji kuharakisha kwa dakika.

Riba ya mfuko wangu wa soko la fedha imeshuka sana. Nihame?

Kwanza tazama kama imeshuka yako au zimeshuka zote. Mifuko hii hushika dhamana za serikali za muda mfupi na amana za benki, kwa hiyo hufuata riba za nchi zikiwa zimechelewa miezi michache. Riba ya Benki Kuu ya Kenya ilikuwa 13% kuanzia Februari 2024, ikapunguzwa hatua kwa hatua kuanzia Agosti hadi 9.75% Juni 2025. Dhamana ya siku 91 ilitoka karibu 16% katikati ya 2024 hadi karibu 8% mwaka mmoja baadaye. Mfuko ulioshuka kwenye kipindi hicho ulikuwa unafanya kazi yake kama kawaida.

Mfuko wa kutiliwa shaka ni ule *usioshuka*. Meneja anayeendelea kulipa 15% wakati dhamana za serikali zinatoa 8% amekopesha pesa yako mahali fulani, na inafaa uulize ni wapi. Taarifa ya mfuko huonyesha mgawanyo wa mali zake. Tafuta deni la kampuni binafsi ni asilimia ngapi.

Na unapolinganisha, linganisha baada ya kodi. Mfuko unaotangaza 11% unakuachia 9.35% baada ya kodi ya zuio ya 15%. Tofauti ya nusu asilimia kwenye 250,000 ni shilingi 1,250 kwa mwaka kabla ya kodi. Uamuzi ni wako kama inastahili makaratasi ya kuhama.

Hisa imeshuka ghafla na sioni habari yoyote mbaya. Kuna nini?

Angalia kama daftari la wanahisa limefungwa kwa ajili ya gawio. Hisa ya shilingi 50 ikitoa gawio la 4, anayenunua baada ya tarehe hiyo halipati, kwa hiyo bei huelekea 46. Wewe uliyekuwa nayo utapokea 3.80 baada ya kodi ya 5%. Ukiona mshuko kama huo mezani, rudishia gawio linalokuja kwenye hesabu yako kabla hujapiga asilimia.

Sehemu moja imevuka ukomo. Nirudishe vipi bila kula gharama?

Anza na pesa mpya. Tuseme mkoba umefika 1,100,000 na hisa ni 363,000, yaani 33%. Kama unaweka akiba ya 20,000 kwa mwezi, elekeza 60,000 za robo inayofuata kwenye mfuko na hatifungani. Bei zikibaki palepale, jumla itakuwa 1,160,000 na hisa 31.3%. Bado zimezidi kidogo. Sasa kuuza hisa za 15,000 kunatosha kuzirudisha 30%.

Linganisha na kuuza mara moja ili kurudi 25% kamili: ungeuza za 88,000. Ada ya dalali pamoja na tozo za soko zinaweza kukaribia 2%, kwa hiyo ni takriban 1,760 badala ya 300, na ukizirudia hisa hizo baadaye utalipa tena. Lengo ni kurudi ndani ya ukomo. Si lazima ufike katikati.

Kuponi na gawio nazo zielekezwe kule kulikopungua. Hatifungani ikiiva ni nafasi nyingine ya kusawazisha bure.

Kosa la kawaida hapa ni kuuza kilichoshuka na kuongeza kilichopanda, kwa sababu ndicho habari zinakisifu. Ukomo unakuelekeza kinyume: punguza kilichovimba, ongeza kilichokonda, mradi sababu uliyoiandika bado iko hai.

Niko Tanzania. Kuna tofauti gani?

Njia ni ileile, na ratiba inakaa vizuri zaidi: Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu ya Tanzania hukutana kila robo, mwanzoni mwa miezi ileile ya Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Riba ya Benki Kuu ilianza kutumika Januari 2024 ikiwa 5.5%, ikapanda hadi 6% Aprili mwaka huo, ikashuka hadi 5.75% Julai 2025. Mabadiliko ya nusu au robo asilimia hayastahili kukutoa mbio.

Kwa vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, zidisha idadi ya vipande kwa thamani ya kipande ya siku ya mwisho ya robo. Tofauti ya kuzingatia ni hisa. Kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam baadhi ya kampuni hupita siku kadhaa bila hisa hata moja kuuzwa, na bei unayoiona ni ya biashara ya mwisho iliyofanyika. Kabla hujasema umevuka ukomo kwa hisa kama hizo, muulize dalali kuna wanunuzi wa kiasi gani na kwa bei ipi.

Orodha fupi ya kukagua ni ipi?

1. Andika masalio yote kwa tarehe moja, siku ya mwisho ya robo.
2. Hakikisha kuponi, gawio na riba zilizotarajiwa zimefika.
3. Piga asilimia, weka alama iliyovuka ukomo.
4. Soma sababu ya kila mali: bado ni kweli kwa hesabu za karibuni?
5. Angalia matumizi ya miezi 12 ijayo. Pesa yake iko mahali salama?
6. Fungua daftari la habari. Tafuta nambari uliyosema itabadilika.
7. Andika uamuzi na sababu, hata kama ni "hakuna hatua".
8. Kama kuna cha kuuza, toa agizo baada ya siku mbili, kwa bei uliyoiweka mwenyewe.

Saa moja na nusu inatosha. Ikizidi hapo, pengine una aina nyingi za mali kuliko unazoweza kuzifuatilia.

Tunawekeza kama chama, na kila habari ikitoka kundi la simu linawaka moto. Tufanyeje?

Wekeni kwenye katiba ya chama kwamba hakuna kununua wala kuuza kunakoamuliwa kwenye kundi la simu. Mwanachama mwenye habari aiandike kwenye daftari la chama kwa mtindo uleule: tarehe, mali inayoguswa, nambari ya kutazama. Katibu anaisoma kwenye kikao cha robo, baada ya mweka hazina kusoma asilimia.

Kwa yale mambo yasiyongoja, watu watatu wanaotia sahihi wapewe ruhusa ya kuitisha kikao cha dharura kwa notisi ya siku mbili, na orodha ya mambo hayo iandikwe kabla: onyo la faida, hisa kusimamishwa, mkaguzi kujiuzulu, meneja kuwekwa chini ya urasimu. Jambo lisilo kwenye orodha linasubiri kikao cha kawaida, hata mwenyekiti akiwa ndiye aliyelileta.